Mpira Upindao Hewani: Historia ya Maelezo Yake na Shida ya Istilahi

Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Wete, kisiwani Pemba, alituletea karatasi za majibu ya wanafunzi wake pamoja na barua fupi. Swali alilowatungia lilikuwa limefasiriwa kutoka kitabu cha kigeni, nalo lilisema: "Eleza kwa nini mpira unaozunguka hupinda njiani." Wanafunzi kadhaa walichora mpira ukiuzunguka uwanja, na mmoja aliuchora ukilizunguka goli kama mwezi uizungukavyo dunia. Mwalimu hakuwalaumu watoto. Alituuliza sisi, tulio na dhamana ya kusanifu maneno haya, tumeweka istilahi gani. Tulipofungua rasimu ya orodha yetu tukaona aibu, kwani neno "mzunguko" lilikuwa limewekwa kwa mambo mawili: kwenda kando-kando ya kitu hadi kurudi pale pale, na kugeuka juu ya mhimili wako mwenyewe bila ya kwenda popote.

Lugha haina upungufu katika jambo hili. Kila mtoto aliyecheza pia anajua kwamba pia huweza kusimama mahali pamoja huku ikigeuka kwa kasi. Kwa hiyo katika makala haya tutatumia "mzunguko-pia" kwa mwendo huo, na tutaliacha "mzunguko" kwa mwendo wa mwezi. Lakini kabla ya kuitia istilahi hii katika orodha tuliona yatupasa kuifahamu sawasawa shughuli yenyewe, maana jina baya la jambo la sayansi aghalabu huficha maelezo mabaya. Tukaingia katika historia yake, nayo ni ndefu kuliko tulivyodhani.

Aliyeliandika mapema miongoni mwa wanasayansi mashuhuri ni Isaac Newton, katika barua yake ya mwaka 1672 kuhusu nuru na rangi. Alikuwa akijiuliza iwapo miali ya nuru huweza kupinda, na hapo akakumbuka kwamba amewahi kuona mara nyingi mpira wa tenisi uliopigwa kwa raketi iliyoinamishwa ukienda kwa njia ya upinde. Akaeleza kwamba upande ambao mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kugeuka hukubaliana, mpira huipiga hewa kwa nguvu zaidi, na hewa nayo huukataa kwa nguvu zaidi. Ni maneno machache yaliyoandikwa kwa kupita tu, lakini upande alioutaja ulikuwa ndio.

Baada yake akaja Mwingereza Benjamin Robins, mtaalamu wa mizinga, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1742. Shida yake ilikuwa ni risasi za mviringo zilizokuwa zikienda kombo bila ya sababu ya kuonekana. Robins alisema kwamba risasi husuguana na upande mmoja wa mtutu, ikapata mzunguko-pia, na mzunguko huo ndio uipindao hewani. Baadaye akalithibitisha hilo kwa jaribio ambalo mpaka leo linatufurahisha. Aliupinda mtutu wa bunduki kidogo kuelekea kushoto karibu na mdomo, akasimamisha mapazia ya karatasi nyembamba mbele yake, kisha akapiga. Risasi ilianza kwa kwenda kushoto, kama mtu yeyote angalivyotazamia, lakini matundu ya karatasi yalionyesha kwamba kadiri ilivyokwenda ndivyo ilivyorudi kulia. Ilikuwa imebiringika juu ya ukuta wa kulia wa mtutu uliopindwa, ikatoka ikigeuka.

Wafasiri wasome hapa kwa makini. Kitabu cha Robins kilifasiriwa kwa Kijerumani mwaka 1745 na Leonhard Euler, mwanahisabati mkubwa wa zama zile, ambaye aliongeza maelezo yake mwenyewe yaliyokizidi kitabu chenyewe kwa urefu. Katika maelezo hayo alikanusha habari ya mzunguko-pia, akasema risasi hupinda kwa kuwa si mviringo kamili. Mfasiri alimpinga mwandishi ndani ya kitabu cha mwandishi, na kwa kuwa mfasiri alikuwa na jina kubwa zaidi, wazo la Robins lilififia. Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1852 Gustav Magnus wa Berlin alipuliza mkondo wa hewa juu ya mcheduara uliokuwa ukigeuka, akaonyesha wazi kwamba husukumwa upande mmoja. Mwaka 1877 Lord Rayleigh wa Uingereza, akiandika juu ya mpira wa tenisi, alimpa Magnus sifa ya maelezo ya kweli, na tangu hapo jambo hili huitwa kwa jina la Magnus. Robins, kwa maoni yetu, alidhulumiwa.

Hata hivyo hakuna kati ya hao aliyeweza kueleza kwa ukamilifu hewa yafanya nini. Ufunguo ulipatikana mwaka 1904, Ludwig Prandtl alipoonyesha kwamba hewa igusayo kitu kiendacho hufanya tabaka jembamba sana lililoshikamana na kitu hicho. Sisi tunapendekeza liitwe "tabaka pambizo".

Na tuutazame mpira kutoka juu, kama aonavyo mwewe, ukienda mbele huku upande wake wa kulia ukigeuka kwenda mbele na wa kushoto ukigeuka kurudi nyuma. Hewa huupita mpira pande zote mbili. Upande wa kushoto, uso wa mpira huenda pamoja na hewa ipitayo, basi tabaka pambizo hushikamana nao kwa muda mrefu, likazunguka hadi nyuma kabisa kabla ya kuachia. Upande wa kulia, uso wa mpira hukabiliana na hewa, na tabaka pambizo huzuiwa, likachoka, likaachia mapema. Matokeo yake ni kwamba mkia wa hewa uliovurugika nyuma ya mpira hauendi nyuma moja kwa moja bali hutupwa kulia. Na kitu kitupacho hewa kulia, chenyewe husukumwa kushoto. Nahodha anajua jambo hili kwa mkono wake: usukani huyageuza maji upande mmoja, na tezi la chombo likaenda upande wa pili.

Sasa twende uwanjani. Uwanja wa Gombani, Chake Chake, ndipo Kombe la Mapinduzi lilipochezwa Januari 2025 kwa timu za taifa. Tuchukulie mpira wa adhabu uliowekwa mita 20 kutoka golini, na mchezaji wa mguu wa kulia anayeupiga kwa upande wa ndani wa kiatu, kidogo kulia kwa kitovu cha mpira. Hicho ndicho wachezaji wakiitacho kuchonga. Mpira una tungamo la gramu 430 hivi, waondoka kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, nao wageuka mara 8 kwa sekunde. Kwa hesabu ya kukadiria, kani ya pembeni itafika nyutoni 3, na uzito wa mpira wenyewe ni nyutoni 4 na kidogo. Si kani ndogo: ni kama robo tatu za uzito wa mpira, ikivuta kushoto muda wote.

Lakini walinzi waliojipanga ukuta hawaioni. Wao husimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira, na mpira huwafikia kwa muda wa sekunde 0.37 hivi, ukiwa umepinda nusu mita tu. Kupinda hukua kwa mraba wa muda, hata mpira ufikapo golini, katika muda wa sekunde 0.8 hivi, huwa umeiacha njia yake ya kwanza kwa mita 2 na zaidi. Yaani sehemu kubwa ya upinde hutokea nyuma ya ukuta. Kipa aliyeamua kwa kuutazama mpira ulipokuwa ukiupita ukuta, ameamua kwa kutazama robo ya habari.

Mfano ujulikanao zaidi ni ule wa Roberto Carlos wa Brazili dhidi ya Ufaransa, mjini Lyon, tarehe 3 Juni 1997. Alipiga kwa upande wa nje wa mguu wa kushoto, kutoka mita 35 hivi. Mpira ulipita kulia kwa ukuta, mbali kiasi cha kumfanya mwokota mipira nyuma ya mstari ainamishe kichwa, kisha ukarudi kushoto, ukagusa mlingoti, ukaingia. Mwaka 2010 wanafizikia wa Ufaransa walionyesha kwamba hewa hupunguza kasi ya mpira upesi kuliko ipunguzavyo mzunguko-pia wake, kwa hiyo njia huzidi kujikunja kadiri safari irefukavyo. Ndiyo sababu mkwaju wa mbali hushangaza kuliko wa karibu.

Mwalimu wetu alitaja pia ubishi wa wanafunzi: je, si upepo tu? Pemba yapigwa na kusi na kaskazi, na swali ni la haki. Jaribio lake ni jepesi. Mpigaji mmoja na apige mara kadhaa mpira ukigeuka upande huu, kisha mara kadhaa ukigeuka upande wa pili, kwa upepo ule ule. Upepo huusukuma mpira upande mmoja daima. Mzunguko-pia hubadili upande kila ugeuzwapo. Ila jaribio lisifanywe siku ya mvua ya masika, kwani kiatu huteleza juu ya mpira uliolowa, na mpira hautapata mzunguko wa kutosha.

Limebaki jambo moja lililotuamulia istilahi. Mpira mwepesi wa plastiki, laini, usio na mishono, huweza kupinda kinyume. Katika kasi fulani, upande ukabilianao na hewa huvurugika ndani ya tabaka pambizo, na tabaka lililovurugika hushikamana zaidi kuliko lililotulia. Basi upande wa pili ndio uachiao mapema, na mkia wa hewa ukahama. Mishono ya mpira wa kawaida huyavuruga matabaka ya pande zote mbili kwa pamoja, hivyo jambo hili halitokei kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo tuliyakataa mapendekezo mawili tuliyoletewa, "mvuto wa mzunguko" na "kani ya hewa ikimbiayo". La kwanza ladai kuna kivutacho, wala hakuna. La pili laweka maelezo nusu ndani ya jina, nayo huvunjika mara tu mtoto apigapo mpira wa plastiki. Tumebakiza "athari ya Magnus", ijapokuwa Robins alitangulia, kwa kuwa jina la mtu halidai sababu yoyote. Kwa kitendo cha mpigaji tumekubali "kuchonga" la wachezaji, na kwa njia ya mpira, "kupinda".

Swali la mwalimu tumelirudisha Wete likisomeka hivi: "Mpira uliochongwa huwa na mzunguko-pia. Onyesha kwa mchoro mkia wa hewa hutupwa upande gani, na mpira hupinda upande gani."