Bega limegoma kunyanyuka: limeganda au kano imechanika?

Mara nyingi huanza usiku. Mtu analalia upande wa kushoto, bega linamwamsha. Baada ya wiki chache anashindwa kuanika nguo kwenye kamba, kisha kuchana nywele kunakuwa shughuli, na kutoa pochi kwenye mfuko wa nyuma ndiyo haiwezekani kabisa. Mtaani ataambiwa ni baridi, au amelala vibaya. Wengine watampeleka kwa mkandaji akavutwe mkono.

Bega linalouma na kukataa kwenda juu lina sababu kadhaa, lakini mbili ndizo zinazochanganywa sana: bega kuganda na kano kuumia. Malalamiko yao yanafanana, ila tiba hazifanani. Na kipimo kinachozitofautisha vizuri zaidi hakihitaji mashine.

Ndani ya bega kuna nini?

Kiungo cha bega ni kama mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kidogo. Umezungukwa na mfuko wa utando, ambao kwa mtu mzima mwenye afya umelegea kiasi cha kuruhusu mkono uende kila upande. Juu ya mfuko huo zimepita kano nne zinazoushika mpira usitoke mahali pake na kuusaidia kuzunguka.

Bega likiganda, tatizo liko kwenye mfuko. Unavimba, unakuwa mnene, kisha unasinyaa. Mkono hauendi kwa sababu nafasi yenyewe imepungua, hata kama misuli ina nguvu zote. Jina la bega lililoganda lilianza kutumiwa mwaka 1934 na daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, na mpaka leo linaeleza hali hiyo vizuri kuliko majina marefu ya kitaalamu.

Kano ikichanika, mfuko hauna shida. Mlango uko wazi, ila kamba ya kuuvuta imekatika. Mkono unashindwa kujinyanyua, lakini mtu mwingine akiunyanyua, unakwenda.

Kipimo cha kiwiko ubavuni

Mgonjwa akae kwenye kiti, akunje kiwiko kama anayeshika sinia, kisha akibane ubavuni. Mtu mwingine amshike kifundo cha mkono na kuuzungusha taratibu kwenda nje, kiwiko kikibaki palepale. Halafu afanye hivyo kwa mkono mzima na kulinganisha.

Kwa watu wengi mkono mzima hutoka nje nyuzi 50 au 60, wengine zaidi. Bega lililoganda hugota mapema, labda nyuzi 10 au 20, na aliyeshika huhisi kabisa kwamba umefika ukutani. Hata mgonjwa akilegeza misuli yote, hauongezeki. Kwenye kano iliyoumia, mkono huo huzunguka karibu sawa na mwenzake, hata kama kuna maumivu.

Watu wengi hupima kwa kunyanyua mkono juu tu, na hapo ndipo wanapokosea. Kunyanyua hushindikana kwenye magonjwa yote mawili. Hata ule mfupa bapa wa mgongoni unaweza kudanganya, kwa sababu husogea wenyewe na kuufanya mkono uonekane umepanda kidogo. Kuzungusha kwenda nje hakudanganyi kirahisi.

Mfano wa kwanza: fundi cherehani

Chukua mama wa miaka 52, fundi cherehani, mwenye kisukari. Hakuanguka, hakubeba kitu kizito. Bega la kushoto limemuuma miezi minne. Alipiga eksirei, akaambiwa mifupa iko sawa. Alipoona maumivu hayaishi, familia ikachanga hela za MRI, na majibu yakasema kano ya juu imechanika kidogo. Sasa nyumbani wanazungumzia upasuaji.

Daktari anayefuata asianzie kwenye picha. Anabana kiwiko ubavuni: mkono wa kulia unatoka nyuzi 60, wa kushoto unagota kwenye 10, akijizungusha mwenyewe au akizungushwa. Anamwambia asukume mkono nje huku akizuiwa, na nguvu zipo. Hili ni bega lililoganda. Ule mchaniko mdogo kwenye picha si lazima uwe ndio unaomuumiza.

Kano huchakaa kama mvi zinavyotoka. Kadiri umri unavyopita miaka 50 na 60, picha za mabega ya watu wasio na maumivu yoyote huonyesha michaniko, na wenyewe hawana habari nayo. Kwa hiyo picha isiyosomwa pamoja na mwili wa mgonjwa inaweza kumpeleka mtu chumba cha upasuaji kwa jambo ambalo halikuwa shida yake.

Kila kitu kwenye habari ya mama huyu kililingana na kuganda. Ugonjwa huu hupenda watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kidogo zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi sana kuliko wengine. Matatizo ya tezi ya shingo nayo huhusishwa. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kupima sukari, bega likimganda, kipimo cha sukari kina faida kwake kuliko MRI. Ni cha bei ndogo, na wengine hugundulika na kisukari kwa njia hiyo.

Mfano wa pili: fundi rangi

Sasa huyu ni mwanaume wa miaka 58, fundi rangi. Ngazi iliteleza, akaangukia mkono. Tangu siku hiyo hawezi kuunyanyua. Mwenzake akiushika na kuupandisha, unafika mpaka kichwani. Akiuachia, unashuka wenyewe. Kiwiko kikiwa ubavuni, mkono unazungushwa nje vizuri tu, ila akiambiwa aushikilie hapo, unarudi tumboni kama mlango wenye springi.

Huyu kano imekatika mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anahitaji eksirei siku hiyohiyo kuona kama kuna mfupa uliovunjika au bega lililoteguka, na mifupa ikiwa mizima afanyiwe ultrasaundi au MRI ndani ya wiki moja au mbili. Kano iliyokatika hujivuta na kwenda mbali, na msuli wake husinyaa na kugeuka mafuta. Ikishonwa mapema inashika vizuri. Akikaa mwaka mzima akipaka dawa ya kuchua, huenda daktari asipate cha kushona.

Ila si kila mchaniko ni wa kushonwa. Ule uliokuja polepole kwa kuchakaa, bila kuanguka, kwa kawaida huanzia kwenye mazoezi ya fiziotherapia kwa wiki 12 hivi, na wengi hurudi kazini bila kisu.

Kuna mtego mwingine hapa. Maumivu makali yenyewe yanaweza kuufanya mkono uonekane hauna nguvu wakati kano ni nzima. Daktari anaweza kuchoma ganzi kidogo chini ya mfupa wa juu wa bega, asubiri dakika chache, kisha apime tena. Nguvu zikirudi, kano haijakatika yote. Zisiporudi ilhali maumivu yameisha, picha inahitajika haraka.

Picha ipi, na lini?

Eksirei haionyeshi kano wala mfuko, kwa hiyo kwenye bega lililoganda hutoka safi. Hilo halimaanishi mgonjwa anajisingizia. Kazi yake ni kuonyesha mambo mengine yanayofanana na kuganda: kiungo kilicholika, chokaa iliyojikusanya kwenye kano, uvimbe wa mfupa.

Kuna moja linalopitwa mara nyingi. Mtu aliyepata degedege la kifafa au kupigwa shoti ya umeme, kisha mkono ukakataa kabisa kuzunguka nje, bega lake linaweza kuwa limeteguka kwenda nyuma. Picha ya mbele peke yake huonekana karibu kawaida. Lazima ipigwe na ya pembeni au ya kwapani.

Ultrasaundi huonyesha kano vizuri, ni rahisi kuliko MRI, na mpimaji huona kano ikitembea. Udhaifu wake ni kwamba inategemea sana mkono wa anayepima. MRI huonyesha pia hali ya msuli, kwa hiyo inafaa zaidi upasuaji unapopangwa au majibu yanapogongana. Kwa bega lililoganda lenye dalili zilizo wazi, eksirei moja na vidole vya daktari vinatosha.

Bega lililoganda linatibiwaje?

Hupita hatua tatu: miezi ya maumivu makali, miezi ya ugumu ambapo maumivu yanapungua, kisha kulegea taratibu. Safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengine hubaki na ugumu kidogo.

Kwenye miezi ya kwanza yenye maumivu, sindano ya steroidi ndani ya kiungo ndiyo inayosaidia zaidi. Haiponyi ugonjwa, lakini hununua wiki kadhaa za usingizi na nafasi ya mazoezi. Mwenye kisukari ajue sukari yake itapanda kwa siku kadhaa, apime mara kwa mara, na azungumze na daktari wake kabla ya kuchomwa. Ikiwa sukari tayari iko juu sana, ni bora ishushwe kwanza.

Mazoezi yenyewe ni madogo. Kuinama na kuning'iniza mkono ukibembea. Kushika fimbo kwa mikono miwili, kiwiko ubavuni, na mkono mzima kuusukuma mgonjwa kwenda nje. Dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Maumivu yakiendelea saa nzima baada ya zoezi, limezidi. Kuvutwa kwa nguvu na mkandaji wakati bega lingali na moto huongeza uvimbe tu, na kwa mzee mwenye mifupa dhaifu unaweza kuvunja mfupa.

Miezi ikipita bila nafuu, kuna kunyooshwa chini ya nusukaputi au kukata mfuko kwa kamera. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet ulilinganisha njia hizo mbili na fiziotherapia yenye sindano. Baada ya mwaka, hakuna iliyoziacha nyingine kwa mbali.

Wakati wa kutosubiri

Bega lenye joto, jekundu na homa ni la hospitali leo. Maumivu ya bega la kushoto pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yachukuliwe kama ya moyo. Na bega linalokauka polepole kwa mtu anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku au kuwa na kikohozi cha muda mrefu, lipimwe kifua kikuu kabla ya kuchomwa steroidi. TB huweza kukaa ndani ya kiungo cha bega na kujifanya kuganda, na sindano hiyo huipa nafasi ya kuenea.