Paneli ya jua na pawabenki kwa mwanafunzi wa Gisenyi: hesabu ya wati-saa kabla ya kununua

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepanga chumba mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, huusikia uzito wa umeme kukatika usiku wa kuamkia mtihani: taa imezimika, na simu yenye maandishi ya somo imebakiwa na chaji kidogo. Wengi hununua pawabenki na paneli ndogo ya jua ili kujikinga na hali hiyo, kisha hugundua kwamba vifaa hivyo havitoi hata nusu ya kilichotarajiwa. Mara nyingi kifaa si kibovu. Kosa hutokea katika kusoma namba zilizoandikwa juu yake.

Kwa nini mAh hazitoshi

Pawabenki nyingi huuzwa kwa kipimo cha mAh, yaani miliampia-saa. Kipimo hicho peke yake hakielezi kiasi cha nishati, kwa kuwa hakitaji volti. Kipimo kinachofaa ni wati-saa, kinachoandikwa Wh: kifaa cha wati 1 kikifanya kazi kwa saa 1, kimetumia wati-saa 1.

Seli za lithiamu zilizomo ndani ya pawabenki hutoa wastani wa volti 3.7. Ili kupata wati-saa, mAh huzidishwa kwa 3.7, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000:

```
20,000 × 3.7 ÷ 1,000 = 74 Wh
```

Hata hizo 74 hazimfikii mtumiaji zote. Pawabenki hulazimika kupandisha volti 3.7 hadi volti 5 au zaidi, na katika kazi hiyo sehemu ya nishati hugeuka joto. Ikipotea asilimia 15, kinachotoka kwenye tundu la USB ni takriban wati-saa 63.

Simu yenye betri ya 5,000 mAh hubeba takriban wati-saa 19, lakini ili ijae huvuta kama 22, kwa sababu nayo hupoteza kiasi wakati wa kuchaji. Kwa hiyo pawabenki ya 20,000 mAh huijaza simu hiyo karibu mara tatu. Haifiki mara nne, ingawa 20,000 ikigawanywa kwa 5,000 hutoa nne.

Matumizi ya siku moja

Ichukuliwe hali ya mwanafunzi anayejaza simu yake mara moja kwa siku, na kusomea taa ya USB ya wati 3 kwa saa nne kila usiku. Simu huvuta wati-saa 22, taa 12, jumla 34. Pawabenki ya wati-saa 74, inayotoa 63, itamtosheleza kwa karibu siku mbili pasipo jua lolote. Akiba hiyo ndiyo humvusha siku ya mvua.

Kompyuta mpakato hubadilisha hesabu yote. Yenye betri ya wati-saa 50 huvuta karibu 60 ili ijae, na jumla ya siku hufika 94. Hapo huhitajika pawabenki ya takriban 30,000 mAh, yenye tundu la USB-C linaloweza kutoa wati 45 au zaidi, kadiri chaja ya kompyuta hiyo inavyodai. Pawabenki iliyotengenezwa kwa ajili ya simu tu huenda isiichaji kompyuta kabisa, hata kama imejaa.

Paneli hutoa kiasi gani kwa kweli

Wati zinazoandikwa kwenye paneli hupimwa katika maabara, chini ya mwanga mkali na seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juani seli hupata joto zaidi ya hapo, na mwanga hauzipigi wima kila wakati. Paneli ya wati 20 iliyowekwa vizuri chini ya anga safi hutarajiwa kutoa kama wati 14.

Kutoka alfajiri hadi magharibi ni karibu saa 12, lakini jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Mwanga wote wa siku ukikusanywa, Rwanda hupata wastani wa kati ya saa nne na tano za jua kamili. Kwa saa nne na nusu, paneli hiyo hutoa wati-saa 63 kwa siku. Katika miezi ya mvua, siku yenye mawingu mazito ikitoa saa mbili tu za jua kamili, hupatikana wati-saa 28.

Mwanafunzi wa mfano huu anahitaji takriban wati-saa 47 kutoka kwenye paneli kila siku, kwa sababu kuijaza pawabenki nako hupoteza nishati. Siku ya jua, paneli ya wati 20 inamtosha na kubakiza kidogo. Siku ya mawingu inapungukiwa, na akiba ndiyo hujaza pengo. Kuijaza pawabenki iliyoisha kabisa huhitaji wati-saa 87, yaani zaidi ya saa sita za jua kamili. Hiyo ni kazi ya siku moja na nusu. Mwenye kompyuta atahitaji paneli ya wati 40 au zaidi.

Kuna kikwazo kimoja kisichoonekana kwa haraka. Pawabenki ambayo tundu lake la kuingizia umeme limeandikwa 5V/2A haipokei zaidi ya wati 10, hata ikiunganishwa na paneli ya wati 40. Paneli ya wati 20 hufaa kuunganishwa na pawabenki inayopokea 9V/2A, mradi paneli yenyewe iweze kutoa volti hizo 9.

Pawabenki zenye kipande cha paneli mgongoni zapaswa kupimwa kwa hesabu hiyohiyo. Kipande cha wati 1.5 hutoa chini ya wati-saa 5 kwa siku. Kuijaza pawabenki ya wati-saa 74 kwa njia hiyo kungechukua zaidi ya majuma mawili ya jua zuri.

Dukani na nyumbani

Uzito husaidia kutambua namba za uongo. Pawabenki halisi ya 20,000 mAh kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 350 au zaidi. Iliyoandikwa 50,000 mAh lakini nyepesi kuliko hiyo haiwezi kuwa na seli za kutosha. Watengenezaji waaminifu huandika pia Wh, pamoja na kiasi kinachotoka kwa volti 5, ambacho kwa pawabenki ya 20,000 huwa karibu 12,500 mAh.

Gisenyi iko karibu na ikweta, hivyo paneli iliyolazwa karibu tambarare hufanya kazi vizuri mwaka mzima. Saa zenye faida ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kivuli cha tawi au cha kamba ya nguo juu ya seli moja chaweza kupunguza umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo. Pawabenki yenyewe iwekwe kivulini, kwa mfano chini ya paneli iliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite, kwa kuwa kuchaji lithiamu katika joto linalozidi nyuzi 45 huiharibu.

Wingu zito likipita, baadhi ya pawabenki huacha kupokea umeme na haziendelei mpaka waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Anayeondoka asubuhi kwenda chuoni na kurudi jioni akakuta taa za kiashirio hazijasonga, aanze kwa kuchunguza jambo hilo kabla ya kuilaumu paneli.