Pwani na Bara katika Kitabu Kimoja: Funzo la Tafsiri ya Roehl, 1930–1952

Mtu anayetaka ujumbe mmoja wa Kiswahili uwafikie watu wa pwani na wa bara pia hushauriwa mara nyingi apunguze maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hoja kwamba maneno yenye asili ya Kibantu hueleweka kwa urahisi zaidi bara. Ushauri huu si mpya. Makala haya yanachunguza jaribio lililoufuata kwa uthabiti kuliko mengine katika historia ya Afrika ya Mashariki, yaani tafsiri ya Biblia ya Karl Roehl, na yanadai kwamba asili ya neno si kipimo cha kutosha cha namna msikilizaji atakavyolipokea.

Kabla ya Roehl, kampeni ya uenezaji wa maandiko ilitegemea lahaja za pwani. Huko Unguja, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere ilizaa Agano Jipya mwaka 1879 na Biblia nzima mwaka 1891. Mombasa nayo ikapata Biblia ya Kimvita mwaka 1914. Tafsiri zote mbili zilipokea istilahi ambazo wenyeji wa pwani walikuwa nazo tayari kupitia Uislamu, kama vile nabii na Injili. Kwa Mswahili wa pwani maneno haya hayakuhitaji maelezo, kwani aliyajua tangu chuoni, aliposomeshwa Kurani.

Roehl alikuwa mmisionari Mjerumani wa Betheli aliyefanya kazi Usambara na Rwanda, na aliyeandika sarufi ya Kisambaa. Kwa hiyo alikitazama Kiswahili kutoka bara. Katika kazi yake alisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Agano Jipya lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl aliamini kwamba Kiarabu kilikuwa kimekitenga Kiswahili na lugha ndugu zake, na kwamba msomaji wa bara angejisikia nyumbani iwapo angekutana na mizizi anayoifahamu. Hata yeye hakuweza kuyaondoa maneno yote ya Kiarabu, lakini aliyagusa yale yaliyobeba uzito mkubwa zaidi.

Mifano mitatu inatosha. Badala ya nabii aliweka mfumbuaji, kutokana na kitenzi fumbua. Badala ya kuhani aliweka mtambikaji. Badala ya Injili aliweka Utume mwema. Kimofolojia, maneno yote matatu ni sahihi, na mzizi wa kila moja unajulikana. Tatizo linaonekana tunapouliza mzizi huo ulikuwa ukitumika wapi. Mtambikaji ni neno lililo hai bara, lakini lina mahali pake, yaani kaburini na katika maombi kwa mizimu, jambo ambalo wamisionari wenyewe walikuwa wakilipinga. Kwa hiyo neno lililochaguliwa ili kuepuka mwangwi wa Uislamu lilileta mwangwi mwingine. Utume ulifahamika kama kazi ya mtume, si habari anayoipeleka. Mfumbuaji nalo lilieleweka kwa sehemu zake, ila halikuwa na historia yoyote masikioni mwa watu: aliyelisikia mara ya kwanza alihitaji kufafanuliwa, kama ambavyo angehitaji kufafanuliwa neno nabii.

Wakati huohuo hali ya bara ilikuwa ikibadilika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, mwaka uleule wa Agano Jipya la Roehl. Vitabu vya shule vikafuata msingi huo. Mwanafunzi wa bara akawa anajifunza msamiati wa Kiarabu kama sehemu ya Kiswahili chenyewe, bila kujali ulikotoka. Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952 kwa ajili ya pwani na bara, ilitumia nabii, kuhani na Injili. Hata hivyo Walutheri wengi wa Tanganyika waliendelea kuipenda tafsiri ya Roehl, hasa kwa sababu walikuwa wameizoea. Mazoea yao yanathibitisha hoja yetu: walilipokea neno kwa kulitumia.

Kwa washauri wa sera, funzo ni la kiutendaji. Kabla ya kubadili neno kwa ajili ya hadhira ya bara, tuulize maswali mawili: Je, hadhira hiyo imekwisha kulipata neno lililopo kupitia shule, soko au ibada? Na neno mbadala linatumika wapi kwa sasa, na nani hulitamka? Jibu hutoka kwa wasikilizaji wenyewe, wakiombwa kulieleza neno kwa maneno yao. Akilieleza kwa kulichambua mzizi tu, bado hajalipata. Akilieleza kwa kutaja tukio la maishani mwake, tutajua limebeba nini. Kamusi hutuambia neno limetoka wapi, lakini haitupi jibu hilo.