Saitisini: Dawa ya siku 25 ya kuacha sigara

SAITISINI ni dawa ya vidonge inayomsaidia mvutaji kuacha sigara. Hutolewa katika mbegu za labanamu, mti wa Ulaya wenye maua ya manjano yanayoning'inia kama vishada. Kampuni ya Sopharma ya Bulgaria imeiuza kwa jina la Tabex tangu mwaka wa 1964, na kwa miongo mingi ilitumika hasa Ulaya Mashariki. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja katika mwongozo wake miongoni mwa dawa linazopendekeza kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku.

Kwa mvutaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, mvuto wa dawa hii ni mambo mawili: dozi yake ni fupi na, inakotengenezwa, bei yake ni nafuu. Utafiti, hata hivyo, unaonyesha kwamba ufupi huo una faida na pia una kasoro.

Jinsi inavyofanya kazi

Nikotini ya sigara hushika vipokezi fulani katika ubongo na kuvichochea kutoa hisia ya raha. Mtu akiacha ghafla, vipokezi hivyo hubaki vitupu na ndipo hamu, hasira na kukosa usingizi huanza. Saitisini hushika vipokezi hivyo hivyo lakini huvichochea kwa kiasi tu. Kwa hivyo hamu hupungua, na mtu akivuta sigara haoni ladha aliyoizoea kwa sababu nikotini inakuta kiti kimekaliwa.

Dawa hii haidumu mwilini. Nusu yake hutoka katika muda wa saa tano hivi, hasa kupitia figo. Hii ndiyo sababu vidonge humezwa mara nyingi kwa siku.

Ratiba ya siku 25

Kila kidonge kina miligramu 1.5, na dozi nzima ni takriban vidonge 100. Chukua mfano wa kuli wa Changamwe anayeanza dawa tarehe mosi na kuamka mapema.

Siku ya kwanza hadi ya tatu atameza kidonge kimoja kila baada ya saa mbili, vidonge sita kwa siku: saa moja asubuhi, saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Siku ya nne hadi ya 12 vinakuwa vitano, kimoja kila baada ya saa mbili na nusu: saa moja, saa tatu unusu, saa sita, saa nane unusu na saa kumi na moja. Siku ya 13 hadi ya 16 ni vinne, kila baada ya saa tatu. Siku ya 17 hadi ya 20 ni vitatu, kila baada ya saa tano. Siku tano za mwisho ni kimoja au viwili tu.

Katika siku za mwanzo anaruhusiwa kuvuta, ila apunguze. Tarehe tano ndiyo mpaka: kufikia siku hiyo awe ameacha kabisa. Asipoacha, maelezo ya dawa yanataka aisitishe na kujaribu tena baada ya miezi miwili au mitatu. Hapa ndipo wengi huteleza, hasa panapokuwa na kibanda kinachouza sigara moja moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza biashara hiyo.

Ratiba hii yote huangukia mchana. Mwislamu anayefunga Ramadhani hawezi kuifuata, hivyo ni busara kuchagua mwezi mwingine.

Matokeo ya majaribio

Jaribio lililoipa dawa hii sifa nje ya Ulaya Mashariki lilifanyika Warsaw, Poland, na kuchapishwa mwaka wa 2011. Wavutaji 740 waligawanywa sawa. Nusu walipewa saitisini na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, watu 31 kati ya 370 waliomeza saitisini walikuwa hawajarudia sigara, ikilinganishwa na tisa katika kundi la pili. Hiyo ni asilimia 8.4 dhidi ya 2.4. Dawa iliongeza waliofaulu zaidi ya mara tatu, lakini tisa kati ya kila kumi bado walirudia.

Mwaka wa 2014 watafiti wa New Zealand waliilinganisha na bidhaa za nikotini kama plasta na ubani wa kutafuna. Walihusisha wavutaji 1,310, wote wakisaidiwa pia kwa simu. Baada ya miezi sita, asilimia 22 ya waliotumia saitisini walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Waliomeza saitisini, hata hivyo, walilalamika zaidi kuhusu kichefuchefu, kutapika na usingizi wa mang'amung'amu.

Nchini Australia, mwaka wa 2021, dozi ya siku 25 ilishindanishwa na vareniklini, dawa ghali iliyobuniwa kwa kuiga saitisini na inayomezwa kwa wiki 12. Waliofaulu walikuwa asilimia 11.7 kwa saitisini na 13.3 kwa vareniklini. Tofauti ni ndogo, lakini watafiti hawakuweza kuthibitisha kwamba dozi fupi inalingana na ile ndefu.

Je, siku 25 ni chache mno? Jaribio la Marekani la mwaka wa 2023 linaelekea kusema ndiyo. Wavutaji 810 walipewa miligramu tatu mara tatu kwa siku au vidonge visivyo na dawa. Kufikia wiki ya 24, waliotumia dawa kwa wiki sita na kudumu bila sigara walikuwa asilimia 8.9, waliotumia kwa wiki 12 walikuwa asilimia 21.1. Ratiba hiyo pia ni rahisi kukumbuka, kwani ni asubuhi, mchana na usiku.

Onyo kutoka kliniki za kifua kikuu

Jaribio lenye hali inayokaribia ya Pwani ni lile la Bangladesh na Pakistan, lililochapishwa mwaka wa 2020. Lilihusu wavutaji 2,472 waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu, na wote walipewa ushauri nasaha. Baada ya miezi sita, asilimia 32.4 ya waliopewa saitisini walikuwa wameacha, na asilimia 29.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kitaalamu, hiyo si tofauti. Ugonjwa na ushauri vilitosha kumwachisha mtu mmoja kati ya watatu. Dawa haikuongeza kitu cha kutegemewa. Isitoshe, maelezo ya dawa yanayotolewa Uingereza yanaonya isitumiwe pamoja na dawa za kifua kikuu.

Wasiofaa kuitumia

Mjamzito, mama anayenyonyesha na aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni hawapaswi kuitumia. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Aidha, dawa hii inalenga nikotini pekee; haitaondoa hamu ya muguka, ambayo kwa wengi huandamana na sigara.

Bei nayo hutegemea muuzaji. Wakati wa jaribio la Warsaw, dozi nzima iliuzwa Poland kwa chini ya dola 20, ilhali Uingereza, ilikoanza kupatikana mwaka wa 2024, ni ghali mara kadhaa. Kwa hivyo mnunuzi wa Mombasa aulize mambo mawili katika duka la dawa: bei ya vidonge vyote 100, na iwapo bidhaa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

La mwisho ni kuhusu miti. Saitisini ni sumu ikizidi, na watoto wa Ulaya wamewahi kuugua kwa kula mbegu za labanamu. Maua ya manjano yanayoonekana kandokando ya barabara za Mombasa si ya mti huo. Yupo jamaa yake wa mbali, kichaka cha sofora kinachoota kwenye mchanga wa fukwe za Afrika Mashariki, chenye maganda yaliyobanwa kama shanga. Nacho kina saitisini, lakini hakuna awezaye kukadiria miligramu 1.5 kwa kutafuna mbegu. Dalili za aliyezidisha ni kutapika, jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio; huyo apelekwe hospitalini mara moja.