Irabu Zinazopotea Njiani: Kikurdi na Kiswahili kati ya Hati Mbili

Mwaka 1932 yalizaliwa magazeti mawili ambayo hayakujuana. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Al-Islah, lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Dameski, nchini Siria iliyokuwa chini ya Wafaransa, Mkurdi Celadet Alî Bedirxan alitoa toleo la kwanza la Hawar tarehe 15 Mei. Katika matoleo 23 ya mwanzo Hawar lilitumia hati za Kiarabu na za Kilatini bega kwa bega. Kuanzia toleo la 24 Kilatini kikabaki peke yake.

Waswahili na Wakurdi walirithi hati moja, na shida yao ilikuwa moja: irabu. Walivyoishughulikia ndipo walipoachana. Katika insha hii nataka kuonyesha shida hiyo inavyojitokeza pale andiko linapohamishwa kutoka hati moja kwenda nyingine, na kwa nini kipimo ambacho wengi hukitegemea hakiwezi kuigundua.

Nianze nyumbani. Aliyesoma chuoni Buyenzi, au madrasa yoyote ya mwambao, anazijua alama tatu: fat-ha, kasra na dhuma. Zinakitosha Kiarabu cha Qurani. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo kasra ikabebeshwa i na e, na dhuma ikabebeshwa u na o. Andika mim, kisha ta yenye dhuma: umeandika mtu, na umeandika mto pia. Msomaji wa barua hasiti, kwa kuwa maneno ya jirani yanamwambia kama anasoma habari za binadamu au za maji. Katika shairi, ambapo mto unaweza kusimama badala ya mtu kwa makusudi, jirani hasaidii sana.

Hapo mnukuzi hukimbilia vina. Tuseme vipande vitatu vya ubeti vinaishia kwa ta yenye dhuma, na kimojawapo ni neno watoto. Hakuna neno watutu, kwa hiyo kina ni -to, na lile neno lenye utata ni mto. Lakini kina hulinda silabi ya mwisho ya kipande tu. Katikati ya mshororo, choma na chuma vinabaki na sura moja, na mizani haibagui o na u. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alirekebisha hati ili ikifae Kiswahili, naye ndiye aliyemsaidia mmisionari William Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walikuwa bado wanachapisha mapendekezo ya namna ya kukiandika Kiswahili cha Mombasa kwa hati za Kiarabu. Wakati huo shule na serikali zilikuwa zimeshahamia Kilatini zamani.

Wakurdi wa Iraki hawakuihama hati, waliirekebisha. Tawfiq Wahby, mzaliwa wa Suleimania aliyetoa kitabu cha sarufi mwaka 1929, alikuwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo. Badala ya kuweka vialama juu na chini ya herufi, ambavyo mwandishi mwenye haraka huviacha, walizipa irabu herufi kamili mstarini. Sauti a ni ا, e ni ە, o ni ۆ. Ile ê ndefu ilipewa yaa yenye kialama kidogo kama v juu yake, ێ, ili itengane na î ambayo ni ی. Faida yake inaonekana katika neno moja: شێر ni şêr, yaani simba, na شیر ni şîr, yaani maziwa. Kwa kasra yetu simba na maziwa vingekuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba kubadili Kikurdi cha Iraki kwenda Kilatini ni kazi ya kubandua herufi moja na kubandika nyingine. Sehemu kubwa ni hivyo. Zipo herufi mbili zinazofanya kazi mbilimbili: و ni w au u, na ی ni y au î. Hizi huamuliwa kwa majirani. Ikikaa karibu na irabu, و ni konsonanti, kama katika ئاو, aw, yaani maji. Ikikaa kati ya konsonanti mbili ni irabu, kama katika کورد, yaani kurd. Kanuni hii hufanya kazi mara nyingi.

Tatizo lenyewe ni irabu ya nane. Kikurdi kina i fupi, sauti hafifu inayosikika kati ya konsonanti, na wanamageuzi hawakuipa herufi yoyote. Bedirxan aliipa: katika alfabeti yake ni i isiyo na kofia. Chukua neno کردن, kufanya. Kwa Kiarabu lina herufi nne: k, r, d, n. Kwa Kilatini ni kirdin. Irabu mbili zilizomo hazikuandikwa popote, na anayebadili hana budi kuzipanda mwenyewe. Atazipanda wapi? Kirdin, kridin, kirdn? Anayejua lugha anasikia jibu. Asiyejua hutumia kanuni ya silabi, kwamba konsonanti zisirundikane, na kanuni hiyo peke yake haichagui kati ya kirdin na kridin. Wakati mwingine hata wenyeji hawakubaliani: برا, ndugu wa kiume, huandikwa bira na wengine, na bra na wengine.

Sasa kile kipimo. Mtu akitaka kujua kama ubadilishaji wake ni sahihi, kwa kawaida hurudisha: anatoa andiko la Kiarabu, analipeleka Kilatini, kisha analirejesha Kiarabu na kulinganisha. Vikilingana, anaridhika. Jaribu kwa kridin, ambalo ni kosa. Ukilirejesha, kila i fupi inadondoka, unabaki na k, r, d, n, yaani کردن, sawasawa na ulikoanzia. Kosa limepita bila kuonekana, na lingepita hata kama irabu zote zingepandwa pasipo mahali pake. Kwetu ni vilevile: soma mto mahali pa mtu, urudishe, nawe utapata mim na ta yenye dhuma.

Kipimo chenye maana huanzia upande wenye habari nyingi zaidi. Chukua maneno ya Kilatini yaliyoandikwa na mjuzi, yapeleke Kiarabu, yarudishe, kisha hesabu yaliyorudi tofauti. Hapo kirdin ikirudi kridin utaiona. Kwa Kikurdi inawezekana, kwani maandishi ya Kilatini yapo tele. Kwa miswada ya Kiswahili ya karne ya 18 na 19 haiwezekani, kwa sababu upande wa Kilatini ndio hasa tunaoutengeneza sisi.

Ndiyo maana naona vitabu vingi vya tenzi vinamnyima msomaji haki yake. Huchapisha Kilatini peke yake, safi, kana kwamba kila o na kila e vilikuwamo katika mswada. Hawar lilipoweka hati mbili bega kwa bega, msomaji aliweza kuona nini kilichoandikwa na nini kilichoongezwa. Picha ya ukurasa wa mswada ikiwekwa mkabala na unukuzi, na mwinamo wa herufi ukitumika kwa kila irabu iliyochaguliwa na mhariri kwa kukisia, mwanafunzi anayebishia mto huo anajua pa kuanzia.