Kondo la Nyuma Kubaki kwa Ng'ombe

Kondo la nyuma, ambalo wafugaji wengine huliita zalio, kwa kawaida hudondoka ndani ya saa 3 hadi 8 baada ya ng'ombe kuzaa. Likifikisha saa 12 bila kutoka, lina dalili ya kubaki. Likipita saa 24, hakuna tena ubishi. Hali hiyo hufungua njia kwa maambukizi ya mfuko wa uzazi yanayoitwa metritisi, ambayo hutokea ndani ya siku 21 za kwanza na mara nyingi zaidi katika siku 10 za mwanzo. Haya ni mambo mawili tofauti, na makosa mengi ya matibabu huanzia hapo: ng'ombe mwenye kondo lililobaki si lazima awe mgonjwa, na ng'ombe mwenye metritisi si lazima awe alibakiwa na kondo.

Kondo la ng'ombe halikushikamana na mfuko wa uzazi kote kote kama ngozi na nyama. Limeshikwa kwa vinundu kati ya 75 na 120, kila kimoja kikiwa kama kifungo cha shati kilichopita kwenye tundu lake: upande mmoja wa mama, upande wa pili wa ndama, na vidole vidogo vidogo vya kondo vikiwa vimezama ndani ya mashimo ya mama. Siku za mwisho za mimba, kinga ya mwili ya mama huanza kuliona kondo kuwa kitu kigeni, na seli nyeupe za damu hukusanyika kwenye vinundu na kuyeyusha gundi inayoviunganisha. Mikazo ya mfuko wa uzazi huja kumalizia kazi ambayo tayari imefanyika.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kondo hubaki kwa sababu mfuko umelegea na haukazi. Mwaka 2002 watafiti wa kituo cha taifa cha magonjwa ya mifugo kilichoko Ames, Iowa, Marekani, walionyesha kwamba ng'ombe waliokuja kubakiwa na kondo walikuwa na seli nyeupe dhaifu hata kabla ya kuzaa. Tatizo, kwa hiyo, huwa limeshaanza kabla mfugaji hajaona mguu wa ndama. Ndiyo maana sindano ya oksitosini, ambayo kazi yake ni kukaza mfuko, husaidia kidogo mno pale vinundu vyenyewe havijaachana.

Vinavyodhoofisha kazi ya kuachanisha vinundu vinajulikana: pacha, kuzaa kabla ya siku, kuzaa kwa shida, kutupa mimba, upungufu wa kalisiamu, upungufu wa seleniamu na vitamini E. Kutupa mimba kunastahili tahadhari ya pekee. Ng'ombe akitupa mimba kuanzia mwezi wa tano na kondo likabaki, brusela iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kushukiwa. Bakteria wake hujaa kwenye kondo na majimaji yake, nao huambukiza binadamu. Glavu ndefu ni lazima, kondo lifukiwe kwa kina au lichomwe moto mbwa wasilifikie, maziwa yachemshwe, na damu ya ng'ombe ipelekwe kupimwa.

Jambo ambalo karibu kila mfugaji hutaka lifanyike ni kondo kuvutwa. Wapo wanaofunga jiwe kwenye kipande kinachoning'inia, na wapo wataalamu ambao bado huingiza mkono na kuchambua kinundu kimoja baada ya kingine. Kwa macho, kazi hiyo inaridhisha: uchafu umetoka, harufu imepungua, mteja ameshukuru. Ndani hali ni nyingine. Vidole vya kondo hukatika na kubaki kwenye mashimo yao, ngozi laini ya mfuko huchubuka, na bakteria waliokuwa wanaishi kwenye uchafu hupata mlango wa kuingilia damuni. Kuvuta kwa mkono hakuongezi uwezekano wa kushika mimba, na kunaweza kuchelewesha ng'ombe kurudi kwenye joto. Kinachofaa ni kukata kwa mkasi sehemu inayoburuta, usawa wa goti la nyuma, ili isikusanye mavi wala isikanyagwe. Kilichobaki huoza na kudondoka chenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10. Kikining'inia kimelegea, kikavutwa taratibu na kikaja bila upinzani, hakuna ubaya. Upinzani ukihisiwa, mkono uachie.

Vidonge vinavyoingizwa ndani ya mfuko wa uzazi, ambavyo bado vinauzwa katika maduka mengi ya pembejeo, havina sifa nzuri zaidi. Vile vya tetrasaiklini vinaweza hata kuzuia vimeng'enya vinavyotumika kuyeyusha gundi ya vinundu, na dawa iliyomo huonekana pia kwenye maziwa.

Je, ng'ombe huyo achomwe antibayotiki mapema, ili metritisi isije? Watafiti wa Ujerumani walichapisha jibu mwaka 2006, wakilinganisha ng'ombe wenye kondo lililobaki ambao wote walichomwa dawa na wale waliochomwa pale tu walipopata homa. Afya ya mfuko na uwezo wa kushika mimba havikutofautiana kwa namna ya kuhalalisha dawa kwa kila mmoja, na kundi la pili lilitumia dawa pungufu. Kifaa muhimu zizini, basi, ni kipimajoto cha bei ndogo kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa kila asubuhi kabla jua halijapanda, kwa siku 10.

Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Mpaka unaotumiwa na madaktari wengi ni 39.5. Mpaka huo una udhaifu wake: mchana wa Dodoma au Mombasa unaweza kumpandisha ng'ombe mzima, na kipimo kimoja cha juu bila dalili nyingine hurudiwa baada ya saa kadhaa kivulini. Hatari ya upande wa pili husahauliwa. Ng'ombe aliyezidiwa na sumu ya bakteria anaweza kushuka chini ya 38, masikio ya baridi, macho yamezama, hataki kusimama. Huyo hana homa, lakini ndiye aliye karibu zaidi na kifo.

Majimaji yanayotoka ukeni nayo husomwa kwa makini. Baada ya kuzaa ni kawaida kuona ute mzito wa rangi ya damu iliyozeeka, usionuka, ukipungua kwa wiki mbili au tatu. Ya metritisi ni mepesi kama maji, mekundu yanayoelekea kahawia, na harufu yake hufika mlangoni kabla ya daktari kuingia. Shida ni kwamba kondo linalooza hunuka vilevile hata kama ng'ombe yuko salama. Harufu peke yake haitoshi kuamua. Iambatane na homa, au ulaji kushuka, au maziwa kupungua.

Mfano wa zizi la mfugaji mdogo wilayani Hai, Kilimanjaro, unaweza kuonyesha maamuzi haya yanavyofuatana. Ng'ombe chotara wa Friziani, uzito wa kilo 450 hivi, anazaa pacha Jumatatu saa 10 alfajiri, wiki tatu kabla ya siku zake. Ndama wananyweshwa maziwa ya mwanzo kabla ya mambo mengine. Jioni saa 10 kondo bado linaning'inia. Linakatwa, sehemu za nje zinaoshwa, na hakuna sindano. Jumanne joto ni 38.8, Jumatano 39.0. Anakula, anacheua, anatoa lita 11. Jirani anashauri aitwe mtu wa kulivuta, na kwa bahati nzuri mtu huyo hapatikani.

Alhamisi asubuhi kipimajoto kinasoma 39.9. Maziwa yameshuka hadi lita 6, pumba zimebaki kwenye kihori, na majimaji mepesi yanamwagika anapolala. Hapa daktari anaitwa, na kazi yake ya kwanza si kujaza bomba la sindano. Katika ukanda huu homa baada ya kuzaa inaweza kuwa ndigana baridi iliyoamshwa na uchovu wa uzazi, kwa hiyo anatazama kama ufizi na uke vimepauka au kuwa vya manjano. Anapapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega kwa ajili ya ndigana kali. Anakamua kila chuchu kutafuta kiwele kilichougua. Anasikiliza mapafu. Vyote vikiwa safi, metritisi inabaki mshtakiwa.

Antibayotiki sasa ina sababu. Penisilini ya misuli au seftiofu ndizo zinazochaguliwa mara nyingi. Seftiofu katika nchi nyingi za Ulaya imesajiliwa kwa miligramu 1 kwa kila kilo, mara moja kwa siku kwa siku 3. Yenye nguvu ya miligramu 50 kwa mililita, ng'ombe huyu atapata mililita 9. Marekani hutumia miligramu 2.2 kwa siku 5. Oksitetrasaiklini ndiyo inayopatikana kirahisi vijijini, ila kiasi kinachofika ndani ya mfuko wa uzazi mara nyingi hakitoshi kwa bakteria wa pale. Seftiofu ina tatizo lake: ni ya jamii ya dawa ambazo hospitali za binadamu huzihitaji kwa wagonjwa mahututi, hivyo kuichoma kwa kila homa ni ubadhirifu. Daktari anaongeza dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, na maji ya kunywa yenye chumvi na sukari ya mifugo kwa kuwa ng'ombe amepoteza hamu. Muda wa kumwaga maziwa unafuata lebo ya dawa iliyochomwa, na hutofautiana sana kati ya dawa na dawa.

Ieleweke pia kwamba dawa siyo inayoponya wote. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2004, zaidi ya nusu ya ng'ombe wenye metritisi ambao hawakupewa antibayotiki walipona, ingawa waliopata kiwango cha juu cha seftiofu walipona kwa wingi zaidi. Ng'ombe anayekula, asiye na homa, mwenye harufu tu, anaweza kungojewa huku akipimwa. Yule wa Hai alikuwa amepita hatua hiyo.

Jumamosi joto lake linatarajiwa kuwa chini ya 39.5 na kihori kuwa tupu. Kama bado anawaka siku ya tatu ya dawa, kosa si lazima liwe la dawa: huenda uchunguzi wa kwanza uliruka kitu, au ana ketosisi, au mfuko umetoboka wakati wa kuzaa. Kubadili antibayotiki bila kumpima upya ni kubahatisha kwa fedha za mfugaji.

Kondo linadondoka Jumanne ya pili. Wiki ya tano baada ya kuzaa anaangaliwa tena, kwa sababu metritisi iliyopona juu juu inaweza kuacha usaha kwenye mfuko bila homa yoyote na bila kupunguza maziwa. Usaha ukionekana, na ovari ikiwa na kiini cha manjano, sindano ya prostaglandini humrudisha kwenye joto na mfuko hujisafisha. Joto la kwanza hupitishwa bila kupandishwa. Mbegu huwekwa pale ute unapotoka mwangavu kama ute wa yai, bila hata uzi mmoja mweupe.