Fedha mkononi si faida: Hesabu ipi inamfaa mwenye duka dogo?

Mwenye duka anapofunga mlango jioni na kuhesabu fedha zilizomo kwenye droo pamoja na zile zilizoingia kwa M-Pesa, huwa amejua jambo moja tu: kiasi cha fedha alichonacho. Kama biashara imempa faida au imemla mtaji ni swali jingine, na jibu lake hutegemea jinsi anavyoandika vitabu vyake.

Zipo njia mbili za kuandika vitabu hivyo. Ya kwanza ni hesabu ya fedha taslimu. Katika njia hii mauzo huandikwa siku fedha zinapopokelewa, nayo matumizi huandikwa siku fedha zinapotoka. Bidhaa iliyouzwa kwa mkopo haionekani kitabuni hadi mnunuzi alipe.

Ya pili ni hesabu ya malimbikizo. Hapa mauzo huandikwa siku mnunuzi anapokabidhiwa bidhaa, hata kama hajatoa senti. Gharama nayo huandikwa katika mwezi ambao imetumika kuleta mauzo hayo, si mwezi iliyolipwa. Bidhaa ambazo hazijauzwa hazihesabiwi kuwa gharama. Hubaki kuwa mali ya duka hadi siku zitakapotoka.

Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ya wahasibu pekee. Lakini kwa biashara ambayo hununua bidhaa kwa wingi msimu mmoja na kuziuza msimu mwingine, ndiyo huamua ikiwa duka litakuwa na fedha za kumlipa aliyeliletea bidhaa.

DUKA LA SARE ZA SHULE

Mfano wa duka dogo la sare za shule mjini Nakuru unatosha kulieleza jambo hili. Biashara ya aina hiyo hutegemea Januari, wakati mwaka mpya wa masomo unapoanza nchini, na bidhaa zake sharti zinunuliwe mapema.

Tuseme mwenye duka anaanza Desemba akiwa na mtaji wa Sh150,000. Ananunua sweta 400 kutoka kiwandani kwa Sh600 kila moja, jumla Sh240,000. Analipa Sh100,000 papo hapo, na kiwanda kinampa hadi mwisho wa Februari kulipa Sh140,000 zilizosalia.

Analipa pia kodi ya chumba cha duka ya miezi mitatu kwa mkupuo, Sh45,000. Mshahara wa msaidizi wake na umeme humgharimu Sh20,000 kila mwezi.

Desemba anauza sweta 50 kwa Sh900 kila moja. Januari anauza 200 kwa bei iyo hiyo, na nyingine 100 anaipelekea shule moja ya kibinafsi kwa Sh850 kila moja, akiahidiwa kulipwa Sh85,000 mwishoni mwa Machi. Februari anauza sweta 30 pekee na kukilipa kiwanda deni lake. Sweta 20 zinabaki rafuni.

VITABU VIWILI, MAJIBU MAWILI

Kwa hesabu ya fedha taslimu, Desemba duka lilipokea Sh45,000 na kutoa Sh165,000, kwa hivyo linaonekana kupata hasara ya Sh120,000. Januari liliingiza Sh180,000 na kutoa Sh20,000 tu, na hivyo linaonekana kuvuna Sh160,000. Februari, baada ya kukilipa kiwanda, linaonekana kupoteza Sh133,000.

Mwezi mmoja maafa, unaofuata neema, kisha maafa tena. Jumla ya miezi hiyo mitatu ni upungufu wa Sh93,000, na anayesoma kitabu hicho peke yake angeshauri duka lifungwe.

Hesabu ya malimbikizo yasimulia habari nyingine. Desemba mauzo yalikuwa Sh45,000. Sweta 50 zilizouzwa zilinunuliwa kwa Sh30,000, kodi ya mwezi mmoja ni Sh15,000, na mshahara na umeme ni Sh20,000. Hasara ni Sh20,000.

Januari mauzo yalifika Sh265,000, deni la shule likiwemo. Ukiondoa Sh180,000 zilizonunua sweta hizo 300, pamoja na kodi, mshahara na umeme, faida ni Sh50,000. Februari yaleta hasara ya Sh26,000. Kwa miezi yote mitatu duka lilipata faida ya Sh4,000.

Vitabu hivi viwili vinatofautiana kwa Sh97,000, na kiasi hicho si fumbo. Ni Sh85,000 zilizo mikononi mwa shule, na Sh12,000 zilizo katika sweta 20 ambazo bado ziko rafuni.

MTEGO WA JANUARI

Hatari kubwa imejificha katika Januari. Mwisho wa mwezi huo mwenye duka ana Sh190,000 mkononi, na kitabu chake cha fedha kinamwonyesha ziada ya Sh160,000. Ni rahisi kuamini kwamba fedha hizo ni zake.

Tuseme anatoa Sh100,000 kulipia arubuni ya shamba. Anabaki na Sh90,000. Februari mauzo yanamwongezea Sh27,000, mshahara na umeme vinamwondolea Sh20,000, na anafika mwisho wa mwezi akiwa na Sh97,000. Kiwanda kinadai Sh140,000. Amepungukiwa na Sh43,000, na shule haitalipa hadi mwezi unaofuata.

Hajaibiwa wala hajauza kwa hasara. Alichokula ni fedha za kiwanda. Asipolipa kwa wakati, huenda msimu ujao akatakiwa kulipia bidhaa zote kwa fedha taslimu, na duka lisilo na mtaji wa kutosha haliwezi kufanya hivyo.

Hesabu ya malimbikizo ingemwonya mapema. Ingemwambia kwamba faida ya Januari ni Sh50,000, kwamba Sh20,000 kati ya hizo zinafidia hasara ya Desemba, na kwamba deni la Sh140,000 linasubiri.

PENYE UDHAIFU WA MALIMBIKIZO

Hata hivyo, hesabu ya malimbikizo nayo yaweza kumpotosha asiyeangalia. Faida ya Januari ilitokana kwa sehemu na fedha ambazo hazijaonekana. Shule ile isipolipa kabisa, Sh85,000 hizo sharti zifutwe kitabuni, na faida ya Sh4,000 hugeuka kuwa hasara ya Sh81,000.

Ndiyo maana anayetumia njia hii hulazimika kuweka orodha ya wanaodaiwa na duka, ikionyesha kila deni lina umri wa siku ngapi. Faida inayoongezeka mwezi baada ya mwezi huku orodha hiyo ikirefuka na fedha benki zikipungua ni dalili kwamba duka linauza kwa watu wasiolipa.

Aidha, malimbikizo hayamwambii mwenye duka kama atakuwa na fedha za kulipa mshahara Ijumaa. Jibu hilo limo katika kitabu cha fedha pekee. Mfanyabiashara hawezi kukiacha kitabu hicho, hata akichagua njia gani.

USHURU NAO

Sheria za ushuru pia zinahusika. Chini ya Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni na yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka iliwekewa ushuru wa mauzo wa asilimia tatu, unaolipwa kila mwezi. Ushuru huo hukatwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama, kwa hivyo huitozwa hata biashara iliyopata hasara. Mwenye duka asiyeijua faida yake halisi hawezi kujua ni kiasi gani cha faida hiyo kinachukuliwa na ushuru.

Kwa aliyesajiliwa kulipa VAT, jambo lenyewe ni zito zaidi. Sheria ya VAT ya 2013 huhesabu mauzo kuwa yamefanyika siku bidhaa zinapokabidhiwa, ankara inapotolewa au malipo yanapopokelewa, kutegemea lipi limetangulia.

Kama duka letu lingekuwa limesajiliwa, na Sh85,000 hizo ziwe bei kabla ya ushuru, VAT ya asilimia 16 ingekuwa Sh13,600. Ingeingizwa katika hesabu ya Januari inayowasilishwa kufikia Februari 20, ikipunguzwa tu na VAT ambayo duka lenyewe lilitozwa liliponunua bidhaa. Shule ingelipa mwisho wa Machi. Kwa ushuru huu, mfanyabiashara anayeandika fedha taslimu pekee hukuta anadaiwa ushuru wa mauzo ambayo kitabu chake hakiyajui.

Kampuni zinazotayarisha hesabu kwa viwango vya kimataifa vya biashara ndogo na za wastani, vilivyotolewa mwaka wa 2009, hazina hiari. Viwango hivyo hudai malimbikizo.

NJIA YA KATI

Kwa duka dogo lisiloweza kumwajiri mhasibu, ipo njia isiyo na gharama kubwa. Kitabu cha fedha huandikwa kila siku kama kawaida, na jioni ya mwisho wa mwezi huandaliwa orodha nne: wanaodaiwa na duka, wanaolidai duka, bidhaa zilizobaki kwa bei ya kununulia, na malipo yaliyofanywa kwa miezi ijayo kama vile kodi. Kisha kila orodha hulinganishwa na ya mwezi uliotangulia.

Januari kitabu cha fedha kilionyesha ziada ya Sh160,000. Wanaodaiwa na duka waliongezeka kwa Sh85,000, kiasi hicho kikajumlishwa. Bidhaa zilipungua kutoka Sh210,000 hadi Sh30,000, kwa hivyo Sh180,000 ziliondolewa. Kodi iliyolipwa mapema ilipungua kwa Sh15,000, nayo ikaondolewa. Deni la kiwanda halikubadilika. Lingeongezeka, nyongeza hiyo ingeondolewa pia. Kinachobaki ni Sh50,000, faida ile ile ya malimbikizo.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. Moja ni kukadiria bidhaa kwa macho badala ya kuzihesabu, au kuzipigia bei ya kuuzia, jambo linaloonyesha faida kabla haijapatikana. Jingine ni kuandika fedha za matumizi ya nyumbani kama gharama ya duka. Fedha ambazo mwenyewe amejitolea huandikwa kando, kwa sababu hupunguza mtaji wala si gharama.

Mwenye kibanda cha mboga, anayenunua alfajiri, akauza kwa fedha taslimu na kumaliza jioni, hahitaji hayo yote. Kwake fedha zilizobaki baada ya gharama zote, pamoja na sehemu ya siku hiyo ya kodi ya mwezi, na faida yake hukaribiana sana, na hesabu ya fedha taslimu inamtosha.

Lakini pindi duka linapoanza kuuza kwa mkopo, kuchukua bidhaa kwa mkopo au kuweka bidhaa za zaidi ya mwezi mmoja, vitabu hivyo viwili huanza kuachana. Kuanzia hapo, kitabu cha fedha hubaki kuonyesha kama duka linaweza kulipa leo, na orodha nne za mwisho wa mwezi ndizo zinazoonyesha kiasi ambacho mwenyewe anaweza kutoa bila kugusa mali ya watu.